Karatasi ya gramu 92: kisa cha seti ya dhahabu iliyokatiwa bima kwa cheti kibovu

Kisa hichi ni cha kweli, kimetokea hapa Unguja mjini. Jina la mwenyewe, mtaa wake, kampuni ya bima na sonara aliyeandika ile karatasi ya mwanzo vyote nimeviondoa, na hesabu nimezizungusha kidogo ili mtu asije akatambulika. Miye niliingia katikati, baada ya wizi, kwa sababu kazi yangu ni kuthamini vito, nilianza kwenye meza ya sonara Mkunazini nikiwa kijana, nikaja kusomea mawe baadae.

## Usuli

Mama mmoja, nimwite Bi S., mjane wa umri wa kama miaka sitini na kitu. Alikuwa na seti aliyopewa na mama yake siku ya harusi, kidani na vipuli, kazi ya mawe na nakshi, imetoka Ghuba zamani. Ana bangili sita anazovaa kila siku. Na ana pete ya tanzanaiti aliyonunuliwa na mwanawe wa kiume kwenye duka moja la Mji Mkongwe, ya dhahabu nyeupe.

Mwanawe alikuwa anakata bima ya nyumba na vilivyomo. Wakala akamwambia vitu vya thamani kubwa lazima viorodheshwe kimoja kimoja, na kila kimoja kiwe na cheti cha tathmini, la sivyo kampuni ina kikomo kidogo sana kwa kitu kimoja kisichoorodheshwa. Ushauri mzuri. Kijana akachukua seti na pete akaenda kwa sonara anayemjua, akamwambia, "Kaka, niandikie gramu na bei, wanataka karatasi ya bima." Bangili hazikupelekwa kwa sababu Bi S. alikataa kuzivua.

Sonara akaweka seti nzima kwenye mizani na akaandika. Karatasi yote ilikuwa mistari miwili, naikumbuka maana nakala yake nimeishika mkononi:

Seti ya dhahabu 22, gramu 92, shilingi 13,800,000.
Pete ya tanzanaiti, moja, shilingi 6,000,000.

Muhuri, saini, tarehe. Siku ile gramu ya 22 ilikuwa inahesabiwa 150,000, akazidisha mara 92, bas. Kampuni ikapokea na ada ikalipwa, na kwa miaka miwili na miezi hakuna aliyeiangalia tena ile karatasi.

## Kilichotokea

Wakati wa sherehe ya familia nyumba ilibaki bila mtu usiku, wezi wakaingia kwa dirisha la nyuma. Kidani kilikuwa kwenye mtoto wa meza pamoja na pete, vikaondoka vyote viwili. Vipuli Bi S. alikuwa kavivaa harusini, na bangili ziko mkononi kama kawaida. Polisi wakaandika, familia ikapeleka madai kwa kampuni.

Wao walivyoelewa ni kwamba watalipwa 13,800,000 za seti na 6,000,000 za pete. Kampuni ikamtuma mkadiria hasara na yule bwana akaja na maswali ambayo hakuna hata moja lililojibiwa na karatasi. Kidani peke yake kina gramu ngapi, maana vipuli vipo? Dhahabu ilipimwa kwa njia gani ikajulikana ni 22? Gramu 92 ni dhahabu tupu au pamoja na mawe? Mawe ya aina gani? Hiyo 13,800,000 ni bei ya kuuza au ya kununua upya? Pete nayo, jiwe lina kereti ngapi za uzito, rangi yake vipi, limewekwa kwenye dhahabu ya ngapi?

Kijana akarudi kwa sonara, sonara hakumbuki. Kwani atakumbuka vipi, kapima vitu mia tangu siku hiyo, na hakuchukua picha.

Hapo ndo Bi S. akaniita. "Mwanangu," akanambia, "wananambia nithibitishe kitu ambacho kimeshaibiwa." Maneno hayo yaliniuma kwa sababu ni kweli, na kazi ya cheti ndo hiyo khasa: kiwe kinakieleza kitu wakati kitu hakipo tena.

## Maamuzi, na kwa nini

Nilimwambia, shangazi, kidani hakipo lakini ndugu zake wapo. Vipuli na kidani vilitengenezwa na mkono mmoja, nakshi moja, mawe mamoja, picha za harusi ya mwanawe zinaonesha wazi. Tukivipima vipuli sawasawa tunaweza kukikisia kidani kwa njia ambayo mkadiria hasara ataikubali.

Kwanza nikavipima vyote viwili, gramu 18.00. Kwa hiyo kidani kilikuwa 92 toa 18, yaani gramu 74. Hapo angalau ile karatasi ilitusaidia.

Halafu nikaangalia kwa lenzi ya kukuza mara kumi. Nyuma ya kipuli, karibu na ndoana, pamepigwa 875. Hiyo ni dhahabu ya kereti 21, si 22. Ya 22 hupigwa 916, ya 18 hupigwa 750, na vitu vingi vya Ghuba ni 21. Alama peke yake si ushahidi kamili maana mtu yeyote anaweza kupiga alama, kwa hiyo tukakihakikisha kwenye mashine ya eksirei ya kupimia dhahabu, ikasoma 87 na kitu kwa mia. Jiwe la kugusia na tindikali lingetosha kutujulisha kuwa ni dhahabu nzuri, lakini kutenganisha 21 na 22 kwa tindikali kunataka mkono uliozoea sana na hata huo hukosea.

Jambo la tatu ndo lilikuwa kubwa. Kipuli kilikuwa chepesi kwa ukubwa wake. Nikakipima hewani, nikakipima tena kikiwa kimening'inizwa ndani ya maji, nikagawa uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo viwili. Dhahabu ya 21 iliyo nzima huja karibu na 17. Kipuli kikaja chini ya 5. Maana yake ndani mna kitu kingine. Kazi za namna hii, hasa zenye asili ya Kihindi, ni ganda la dhahabu lililojazwa lakiri na mawe yakaketishwa juu yake. Ni kazi halali na nzuri kabisa, hakuna aliyemdanganya mama yake Bi S., ila lakiri haiuzwi kwa bei ya dhahabu.

Nikaomba ruhusa tufungue kipuli kimoja. Nilisita kumuomba maana ni kumbukumbu ya mama yake, na nilimuandikia kabisa tutafanya nini na tutakirudisha vipi. Akakubali. Sonara ninayefanya nae kazi akakipasha moto taratibu, lakiri ikalainika, mawe yakatoka. Kipuli cha gramu 9.00 kilikuwa na dhahabu 6.75, vijiwe 0.90 (vioo vya rangi, si vito), na lakiri 1.35. Robo tatu dhahabu. Kwa uwiano huo kidani cha gramu 74 kilikuwa na dhahabu gramu 55.5.

Niliandika kwenye ripoti kuwa ni makisio, na kwamba vile vipete vidogo vinavyounganisha vipande vya kidani havina lakiri ndani yake, kwa hiyo dhahabu halisi huenda ilizidi kidogo. Mkadiria hasara akaipokea hesabu kama ilivyo. Nadhani kilichomridhisha ni kuona nimeandika na udhaifu wa njia yenyewe, mtu ukificha udhaifu wako yeye ataukuta tu.

Kwa pete hatukuwa na ndugu yake wa kumpima. Tulikuwa na picha moja ya simu, mkono uko juu ya meza. Kwa kulinganisha na upana wa kidole jiwe lilikuwa la duara dufu, kama milimita 8 kwa 6. Lakini picha ya juu haioneshi kina, na uzito wa jiwe unategemea kina. Kwa jiwe la umbo lile unachukua wastani wa urefu na upana, hapa 7, unauzidisha kwa wenyewe, mara kina, mara 3.35 ambayo ni uzito mahsusi wa tanzanaiti, mara 0.0020. Kina kikiwa milimita 3.5 unapata kereti 1.15, kikiwa 5 unapata 1.64. Na bei ya tanzanaiti kwa kereti inapanda sana rangi inapokolea, rangi ambayo kwenye picha ya simu chini ya taa ya ukumbi huwezi kuiamini hata kidogo. Juu ya hayo hakuna aliyethibitisha kuwa ni tanzanaiti. Jiwe hili linatoka Mererani tu, limegunduliwa 1967, na kwa kuwa linapendwa lina viigizo, kuna kioo na kuna forsteraiti ya kutengenezwa ambayo kwa macho inababaisha. Sisemi pete ya Bi S. ilikuwa bandia. Nnasema karatasi haikuweza kusema kuwa si bandia.

## Hesabu ilivyokwenda

Siku ya wizi gramu ya 22 ilikuwa imeshafika 250,000. Ya 21 kwa uwiano ni 238,000 na kitu, hicho kitu tumekiacha. Gramu 55.5 mara 238,000 ni 13,209,000, ongeza ufundi wa kazi ya nakshi ambao tulikubaliana asilimia 15, kidani kipya cha namna ile kingegharimu 15,190,350.

Familia ikafurahi kidogo, wakasema bas watupe 13,800,000 yote maana hasara imezidi. Lakini wapi. Mkataba ulikuwa na kifungu cha uwiano, na kifungu hichi watu hawakisomi. Kinasema kitu kikikatiwa bima pungufu ya thamani yake, kampuni inalipa kwa uwiano huo huo hata hasara ikiwa ya sehemu tu. Seti nzima siku ile ilikuwa na dhahabu gramu 69, pamoja na ufundi thamani yake 18,885,300. Iliandikishwa kwa 13,800,000, ambayo ni asilimia 73. Basi na kidani kinalipwa asilimia 73 ya 15,190,350, ambayo ni kama 11,100,000, halafu inatolewa ile sehemu ya mwanzo ambayo mwenyewe anajibebea.

Pengo likawa zaidi ya milioni nne.

Pete ilikatiwa 6,000,000 ikalipwa 2,100,000, na hiyo ni baada ya mabishano. Kijana alitaka kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na ofisi hiyo ipo kwa ajili ya mambo kama haya, lakini nilimwambia ukweli kwamba hatuna cha kumuonesha kuhusu lile jiwe. Akaacha.

## Uchambuzi: wapi palikosewa

Watu wengi wakisikia kisa hichi wanamlaumu sonara. Miye simlaumu kwa uzito huo. Aliombwa gramu na bei, akatoa gramu na bei. Kosa lake ni kuweka seti ya mawe kwenye mizani na kuizidisha yote kwa bei ya dhahabu, na kuandika 22 bila kutazama alama, hayo ni makosa ya kazi. Lakini alichoombwa hakikuwa cheti cha tathmini tangu mwanzo.

Tazama jinsi makosa mawili yalivyofichana. Uzito uliandikwa juu kuliko haki, gramu 23 za mawe na lakiri zimekatiwa bima kama dhahabu, na daraja limepandishwa kutoka 21 hadi 22. Kwa upande mwingine ufundi haukuhesabiwa kabisa na bei ilibaki ya miaka miwili nyuma wakati dhahabu inapanda. Kosa la kwanza lilimfanya Bi S. alipie ada ya dhahabu ambayo hana, na kosa la pili likamuacha na bima pungufu. Akaumia kwenye ada, akaumia tena kwenye malipo. Mtu akikwambia "si kitu, waandike juu juu tu ndo salama", mpe mfano huu. Kampuni hailipi namba iliyo kwenye karatasi, inalipa gharama ya kukirudisha kitu, na ile namba ni kikomo tu.

Jengine ni neno thamani lenyewe. Kidani kimoja kina thamani zaidi ya moja kwa siku moja. Ukikipeleka kwa sonara kukiuza atakupa bei ya dhahabu chakavu, ufundi hahesabu, na atakata kidogo kwa kusafisha. Ukitaka kukinunua upya unalipa dhahabu, ufundi na faida ya duka. Bima inataka hii ya pili, na cheti lazima kiandike hivo kwa maneno: thamani ya kununua upya, dukani, soko la Unguja, tarehe fulani. Na kinyume chake, karatasi ya bima msiichukue mkaenda kugawia mirathi, mtamdhulumu aliyepewa dhahabu maana itaonekana kapata zaidi ya anachoweza kukiuza.

Kilichofaa katika kisa hichi ni kidogo. Kwanza ni mizani, ile namba 92 ilikuwa ya kweli kama uzito mzima, bila ya hiyo tusingeijua 74. Cha pili ni picha za harusi, na cha tatu ni kwamba vipuli vilibaki. Hivi viwili ni bahati, si mpango.

## Cheti cha pili

Bi S. alipopata malipo akatengenezesha kidani kingine, chepesi zaidi, gramu 41, dhahabu tupu bila lakiri. Akaniomba niandike cheti cha hicho, cha vipuli, na safari hii cha bangili pia, alizivua mwenyewe. Nieleze nilivyoandika, maana hapa ndo penye mafunzo.

Juu kabisa: jina la mwenye mali, jina langu na nilichosomea, siku niliyovikagua na siku niliyoandika, madhumuni (bima) na aina ya thamani kama nilivyosema pale juu. Nikaandika kuwa sinunui wala siuzi vitu hivyo na kwamba malipo yangu ni kwa saa, si asilimia ya thamani. Mthamini anayelipwa kwa asilimia ana sababu ya kupandisha, na anayetaka kukinunua kitu ana sababu ya kushusha, kampuni inalijua hilo vizuri.

Bangili nilizipa kila moja namba yake na picha yake, pembeni pana rula. Uzito wa kila moja hadi sehemu ya mia ya gramu, jumla 71.36. Kipenyo cha ndani milimita 60, upana, unene, nakshi ikoje, alama 916 iko wapi. Mashine ilipima sehemu tatu kwa kila bangili na nikaandika imesoma ngapi. Nne ni sawa, ya tano nayo sawa, ya sita ilisoma 88 kwa mia karibu na maungio kwa sababu iliwahi kuvunjika ikaunganishwa kwa risasi ya dhahabu ya daraja la chini, na hilo nikaliandika kama lilivyo. Mtu anaweza kuona ni aibu kuandika kovu, lakini kovu ndo alama nzuri kuliko zote za kukitambua kitu kikipatikana polisi. Nikataja pia kikomo cha mashine: inasoma juu juu tu, kitu kilichopakwa dhahabu nene kinaweza kuidanganya, na ndo maana nilipima na uzito wa majini.

Vipuli: uzito mzima, uzito wa dhahabu, uzito wa vioo na lakiri, na maelezo kwamba kimoja kilifunguliwa na cha pili kimekisiwa kwa mfano wake. Kidani kipya kilikuwa rahisi, risiti ya ufundi ipo na nikaiambatanisha.

Hesabu nikaiweka wazi ili yeyote aweze kuirudia. Kwa mfano bangili: gramu 71.36 mara 250,000 ni 17,840,000, ufundi wa bangili za kawaida asilimia 8, jumla 19,267,200. Bei ya gramu inapobadilika mwaka ujao, hakuna haja ya kuvipima upya vyote, maelezo ya kitu yanabaki na unabadilisha hesabu tu. Tulikubaliana na Bi S. kila anapolipia bima upya anipigie simu kabla.

Kungekuwa na jiwe la thamani ningeandika aina yake na kifaa kilichoithibitisha, vipimo vyake vitatu pamoja na kina, uzito na kama umepimwa au umekisiwa likiwa ndani ya pete, rangi chini ya mwanga gani, kasoro zake, na kama limetibiwa. Tanzanaiti karibu zote zimepashwa moto kuleta ile buluu na hilo halishushi bei, ila zipo zilizopakwa rangi juu na hilo ni jambo jengine kabisa. Jiwe kubwa la pesa nyingi ningemwambia alitoe kwenye pete lipelekwe maabara.

Cheti kikawa kurasa tano. Ile karatasi ya mwanzo, tulipokuja kuitafuta baada ya wizi, asili yake ilikuwa kwenye mtoto wa meza ule ule aliovunja mwizi, tuliiona kwa nakala ya kampuni tu. Cha sasa kipo kimoja kwa wakala, kimoja kwenye simu ya mwanawe, na kimoja cha karatasi kipo Chake Chake kwa binti yake.